Ngozi Nyeusi, Shela Nyeupe: RAW Inampa Nini Mpiga Picha za Sura

Anayepiga picha za harusi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hukutana na kazi moja ngumu karibu kila mwisho wa wiki: ngozi nyeusi na kitambaa cheupe ndani ya fremu moja. Shela, kanzu au shati la bwana harusi hurudisha karibu mwanga wote unaoliangukia. Ngozi ya kahawia iliyokolea hurudisha sehemu ndogo tu. Chini ya mwanga uleule, tofauti kati ya viwili hivyo hufika stopu tatu hadi nne, na kila stopu ni mwanga maradufu ya ile iliyo chini yake. Maana yake ni kwamba shela inaweza kung'aa mara nane hadi kumi na sita kuliko shavu lililo sentimita chache tu pembeni yake.

Jicho la mtu aliyesimama pale halisumbuki. Linaitazama shela, linauona ushonaji wake. Linahamia usoni, linauona uso. Kamera inapiga mara moja tu, kwa kipimo kimoja. Ukipima kwa ajili ya uso, shela inaungua na kuwa bapa jeupe lisilo na nyuzi. Ukiilinda shela, uso unazama gizani. Kwa picha kama hizi, kuchagua kati ya RAW na JPEG kwenye menyu ya kamera ni kuamua kama utaweza baadaye kuushughulikia uso peke yake na kitambaa peke yake, au kama kamera itakuwa imekwisha kukuamulia vyote viwili.

Ili kuelewa kwa nini, tuanzie ndani ya kamera. Kihisi chake kina mamilioni ya vijisehemu vinavyopima mwanga, na kila kimoja kimefunikwa kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au buluu. Nusu ya vichujio hivyo ni vya kijani. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza yake mwaka 1976, na kamera nyingi za leo bado zinautumia. Faili la RAW ni hesabu za mwanga ule jinsi zilivyotoka kwenye kihisi, pamoja na maelezo ya pembeni: saa, lenzi, na mizani ya weupe uliyokuwa umechagua. Canon huliandika kwa herufi za mwisho .CR3, Nikon .NEF, Sony .ARW. Bado halijawa picha. Picha unayoiona nyuma ya kamera ni JPEG ndogo iliyotengenezwa haraka na kufichwa ndani ya faili hilo ili uwe na kitu cha kutazama.

Ukichagua JPEG, kamera inaimaliza kazi yenyewe. Inakisia rangi mbili ambazo kila kijisehemu hakikupima, inaweka mizani ya weupe, inaongeza kontrasti, inafuta chembechembe, inanoa kingo za nywele na kope, kisha inapunguza viwango vya mwanga na kulibana faili. Haya yote huisha kabla hujashusha kamera machoni. Halafu hesabu za mwanzo zinatupwa. Mhandisi aliyeandika maagizo hayo hakuwahi kumwona mtu uliyesimama mbele yake, wala dirisha lililomwangaza.

Katika kupunguza viwango ndiko uso mweusi unakopata hasara kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye fremu. JPEG ina viwango 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina viwango 16,384. Watu huzitaja namba hizi mbili na kuishia hapo, lakini kinachohusu sura ni jinsi viwango vinavyogawanywa. Stopu ya juu kabisa, mahali shela inapokaa, huchukua nusu ya viwango vyote vya RAW. Inayofuata huchukua nusu ya vilivyobaki, na kuendelea hivyo kwenda chini. Ukishuka hadi stopu ya nne kutoka juu, pale shavu jeusi linapoangukia ukiwa umeilinda shela, RAW bado ina viwango 1,024. JPEG ya rangi za sRGB, kwa stopu hiyohiyo, ina takriban 28. Stopu ya tano, upande wa uso ulio kivulini, RAW ina 512 na JPEG kama 21. Na kontrasti inayoongezwa na kamera mara nyingi huiminya sehemu hiyo ya chini hata zaidi.

Hivyo shavu zima, kuanzia mfupa wake unaong'aa hadi bonde lililo chini yake, limechorwa kwa vivuli ishirini na kitu. Ukiacha picha ilivyo, hutaona shida, kwa sababu vivuli vile ni vyeusi na vimekaribiana. Shida huanza unapouinua uso. Umbali kati ya kivuli kimoja na kingine unatanuka, na pale ambapo mwanga ulikuwa ukiteleza taratibu kutoka pua hadi sikioni panatokea mistari, kila mmoja na rangi yake. Si viwango vyote 1,024 vya RAW vinavyobeba habari safi, maana gizani chembechembe za kihisi nazo zimo. Hata hivyo nafasi ni kubwa kiasi kwamba unaweza kuuinua uso kwa stopu moja na nusu na shavu likabaki shavu.

Nichukue picha moja niliyoipiga kwa RAW+JPEG, yaani kamera iliandika mafaili yote mawili kwa mbofyo mmoja, ili tuone kila hatua pande zote mbili. Ni sebule ya nyumba ya Magomeni, saa kumi na nusu alasiri. Bibi harusi ameketi kwenye kiti karibu na dirisha lililo kushoto kwake, shela imeshuka hadi mabegani. Nje jua limeshapita upande wa pili wa nyumba, kwa hiyo mwanga wa dirishani ni wa kivulini, laini, na una ubuluu kidogo. Darini kuna balbu za rangi ya joto, njano inayoelekea machungwa, na haziwezi kuzimwa kwa sababu ndugu wanakula humohumo ndani. Lenzi ni ya milimita 85, tundu f/2, kasi 1/160, ISO 800.

Kipimo nilikitafuta kwa shela. Nilifungua mwanga kidogo kidogo hadi vitone vya onyo la kuungua vikaanza kupepesa kwenye mikunjo michache ya kitambaa, nikaacha hapo. Kuna jambo ambalo anayeanza RAW anapaswa kulijua: onyo hilo, pamoja na histogramu iliyo nyuma ya kamera, havisomi hesabu za RAW. Vinasoma ile JPEG ndogo ya kutazamia, ambayo imeshaongezwa kontrasti na mizani ya weupe. Mara nyingi JPEG inaposema kitambaa kimeungua, RAW bado ina nafasi juu yake, pengine nusu stopu, pengine stopu nzima, kutegemea kamera. Ni vizuri kila mtu aijue nafasi ya kamera yake kwa kulipiga shati jeupe dirishani, akiongeza mwanga theluthi moja ya stopu kila mara, kisha akatazame kwenye kompyuta ni wapi nyuzi zinapotea kweli. Ukipunguza kontrasti katika mtindo wa picha wa kamera, histogramu nayo inasogea karibu na ukweli.

Kwenye kompyuta nilianza na mizani ya weupe. Kamera ilijichagulia yenyewe kelvini 4,600, katikati ya dirisha na balbu. Matokeo yake ni yale yanayojulikana kwa kila aliyempiga mtu mweusi karibu na dirisha: upande ulioelekea dirishani umepauka, ngozi ina ujivujivu kana kwamba hajajipaka mafuta, na upande wa pili una umachungwa. Kwenye RAW mizani hii ni maelezo tu, haijaguswa hesabu yoyote. Nilipandisha hadi 5,700 na kahawia ya kweli ikarudi kwenye paji la uso na shavu la dirishani, kwa usafi uleule ambao ningeupata kama ningeichagua namba hiyo kabla ya kupiga.

Fungua JPEG ya picha hiyohiyo ndani ya Lightroom na utaona dalili ya tofauti kwenye skrini yenyewe. Pale Temp inapoonyesha kelvini kwa RAW, kwa JPEG inaonyesha kipimo cha kutoka -100 hadi 100 tu. Programu haijui tena mwanga ulikuwa upi. Inaweza tu kumwaga njano au buluu juu ya rangi zilizokwisha kukauka. Ujivujivu ule ulikuwa umeshaandikwa ndani ya vivuli vile ishirini na kitu. Nilipoongeza njano hadi paji likapata joto, shela nayo ikageuka njano na weupe wa macho ukafuata.

Mizani moja haitoshi pale penye mianga miwili, iwe RAW au la. Baada ya 5,700 upande wa balbu ulikuwa na umachungwa kuliko mwanzo. Hapo hutumika barakoa: unachora kwa brashi laini juu ya upande ule wa uso na shingo, kisha unashusha joto la sehemu hiyo peke yake. Nilishusha kiasi, sikuumaliza umachungwa wote, kwa sababu balbu zilikuwepo na chumba kizima kinazionyesha. Uso usio na dalili ya balbu ndani ya chumba chenye balbu huonekana umekatwa na kubandikwa. Mpaka wa brashi haukuonekana, maana mpito kutoka upande mmoja wa uso hadi mwingine ulikuwa na viwango vya kutosha kuuficha. Kwenye JPEG, barakoa ileile ilitengeneza ukingo unaoonekana chini ya jicho.

Kisha mwanga. Exposure niliipandisha kwa 1.3, Highlights nikaishusha kama -60, na nyuzi za shela zikatokea pamoja na maua yaliyotariziwa pembeni, hata kwenye ile mikunjo iliyokuwa ikipepesa. JPEG mahali hapo ilikuwa na 255 kwa rangi zote tatu. Ukiishusha unapata doa la kijivu lisilo na uzi hata mmoja, na doa la kijivu kwenye shela ni baya kuliko weupe ulioungua.

Nikiwa bado sebuleni pale, shangazi yake bibi harusi alikuwa amesogea kuangalia skrini ya kamera. Uso ulikuwa mweusi mno, kwa kuwa nilikuwa nimeilinda shela.

"Mwanangu, mbona umemweka gizani?"

"Shikamoo, shangazi. Hapa bado. Nikifika kwenye kompyuta nitamtoa."

"Marahaba. Umtoe, lakini usimfanye mweupe. Rangi yake naijua mimi."

Maneno yake yanagusa kosa ambalo limezagaa kwenye picha za harusi zetu, na ambalo nalichukia waziwazi: kumwangaza mtu kumegeuzwa kuwa kumchubua. Sababu mojawapo ni ya kifundi kabisa. Anayehariri JPEG yenye uso uliozama anakuta kwamba akiuinua kwa kiasi kinachotakiwa, mistari na mabaka vinatokea. Ili kuvificha anafifisha uso, anaondoa rangi, anaongeza weupe na kulainisha mpaka mabaka yapotee. Kinachobaki ni ngozi ya mtu mwingine. Mwenye RAW hana kisingizio hicho. Anaweza kuuinua mwanga wa uso huku akiuacha uwiano wa nyekundu, kijani na buluu palepale, na ngozi ikabaki kahawia ileile iliyokolea, ikiwa tu imesimama mahali penye mwanga zaidi.

Kuna mtego mdogo hata hivyo. Ukiinua kwa mkunjo wa kontrasti, rangi ya ngozi nyeusi hukolea pamoja na mwanga na kuelekea wekundu. Dawa yake ni kushusha ukolezi wa machungwa kidogo, tano au kumi kwenye kipimo cha mia, ukiuacha mwanga wa rangi hiyo kama ulivyo. Wanaopandisha mwanga wa machungwa wakidhani wanamng'arisha mtu wanabapatisha uso, kwa sababu karibu ngozi yote imo ndani ya machungwa, vivuli na miinuko pamoja.

Kabla ya kugusa ngozi kwa brashi, badilisha wasifu wa rangi na utazame. Lightroom hutoa Adobe Color, Adobe Portrait na nyinginezo, pamoja na zile zinazoiga kamera yako, kama Camera Standard. Wasifu ndio unaoamua kahawia itaelekea wekundu au unjano, na jinsi mwanga utakavyopungua kuelekea kivulini. Kwa bibi harusi huyu Camera Standard ilimpa midomo mizuri lakini ikaukaza uso. Adobe Portrait ikaachia mpito mlaini zaidi kutoka shavuni hadi taya. Kwenye JPEG uchaguzi huo ulishafanywa kamera ilipobofywa na hauwezi kufanywa upya. Wasiolipia programu wanaweza kupata uhuru uleule kwenye darktable au RawTherapee, ambazo ni za bure, ingawa majina ya vitufe ni tofauti na zinadai uvumilivu.

Sasa ngozi yenyewe. Kwa kazi ya brashi nililitoa faili kwenda Photoshop likiwa TIFF ya biti 16, kwa maana ukilitoa kama JPEG hapo katikati unakuwa umeitupa faida yote uliyoibeba. Kwanza chunusi na alama za muda mfupi, zinazibwa moja moja. Alama za kudumu, kama kovu au mwanya wa meno, haziguswi bila mwenyewe kusema. Halafu sehemu ndefu zaidi ya kazi: kung'arisha na kutia kivuli kidogo kidogo kwa tabaka mbili za mikunjo, moja ya kuinua na moja ya kushusha, kwa brashi iliyopunguzwa nguvu hadi asilimia mbili au tatu. Unainua kijivuli kilicho chini ya jicho, unashusha mwinuko ulio pembeni ya kidevu, unarudia. Hakuna kinachofutwa, vinyweleo vyote vinabaki, mabaka tu ndiyo yanayosawazishwa.

Kazi hii inategemea vinyweleo kuwepo tangu mwanzo, na hapo JPEG inakosea mara mbili. Kamera, hasa kuanzia ISO 1600 kwenda juu, hufuta chembechembe kwa kulainisha, na haina namna ya kutofautisha chembechembe na kinyweleo. Kisha inanoa kingo, na kuacha mstari mwembamba mweupe pembeni ya kila unywele wa nyusi. Ukiongeza kontrasti kwenye ngozi ya namna hiyo, mistari ile inaanza kupiga kelele huku shavu likiwa limenyamaza. Zaidi ya hayo, JPEG hubana picha kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na ukiinua kivuli cha shingo mipaka ya vijisanduku hivyo hujitokeza. Kwenye RAW kufuta chembechembe na kunoa ni vitufe mikononi mwako. Kwa uso huu nilifuta chembechembe za rangi tu, yale madoadoa mekundu na ya kijani yanayojitokeza unapoinua kivuli, nikaacha zile za mwanga. Karatasi hazizionyeshi, na ngozi inabaki hai.

Mng'ao wa paji la uso unahitaji hukumu ya peke yake. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli: mfupa wa shavu, daraja la pua, mdomo wa juu, vyote vinachorwa na mwanga unaoakisiwa juu ya ngozi. Ukiuondoa wote, uso unalala. Ninaupunguza kama nusu, kwa kuchukua rangi ya ngozi iliyo jirani na kuipaka kwa wepesi juu ya mng'ao. Kwenye RAW, mahali mng'ao umeunguza rangi moja au mbili tu, programu inaweza kuijenga iliyopotea kwa kutumia iliyobaki. Pale zote tatu zimefika juu kabisa, hakuna kitu cha kurudisha, na ukilazimisha unapata kiraka cha kijivu katikati ya paji. Kwa hiyo karatasi ya kunyonya mafuta na poda kidogo kabla ya kupiga bado vinashinda kitufe chochote.

Ukitaka kujua kama umelivuta faili kupita uwezo wake, kuna sehemu tatu za kutazama. Ya kwanza ni histogramu baada ya kuhariri: ikiwa imejaa mapengo kama meno ya kitana, viwango vimeisha na ulichobaki nacho ni matobo. Ya pili ni shavu na shingo kwa ukubwa wa asilimia mia, ukitafuta mistari na mabaka ya wekundu na ukijani. Ya tatu ni picha nzima ikiwa ndogo, kwa sababu ngozi iliyofifishwa huonekana haraka zaidi kwa mbali, uso unapoacha kufanana na mikono. Kwenye picha ya Magomeni JPEG ilishindwa zote tatu nilipoinua kwa 1.3. RAW ilianza kuonyesha madoadoa ya rangi kwenye upande wa kivuli nilipojaribu kuivuta hadi stopu tatu. Kwa hiyo mpaka upo. Uko mbali zaidi tu.

Na yapo ambayo hata RAW haiyagusi. Jicho lisilolengwa vizuri halirudi. Uso uliotikisika haurudi. Kivuli kizito cha jua la saa saba chini ya nyusi kinaweza kuinuliwa, lakini mwelekeo wa mwanga haubadiliki, na macho yaliyoinuliwa kutoka shimoni huonekana yamepakwa. Kumsogeza mtu hatua mbili hadi chini ya mwembe kunafaa kuliko jioni nzima ya barakoa.

Wenye simu nao huuliza. Simu nyingi zina hali ya Pro inayoandika faili la DNG, muundo wa RAW uliotolewa na Adobe mwaka 2004. Lakini kihisi cha simu ni kidogo, na JPEG nzuri unayoizoea hutengenezwa kwa kuunganisha fremu kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana. DNG ya kawaida ya simu mara nyingi ni fremu moja tu, hivyo gizani huwa na chembechembe nyingi kuliko JPEG ya simu hiyohiyo. Mchana, karibu na dirisha, inasaidia sana kwenye mizani ya weupe. Usiku ukumbini, iache. ProRAW ya Apple, iliyoanza na iPhone 12 Pro, ni tofauti kidogo kwa sababu huunganisha fremu kwanza, ndipo ikakuachia mizani na mwanga uvipange.

JPEG ina kazi zake. Picha za pasipoti kwenye ukuta mweupe na taa zisizobadilika hazihitaji RAW, kwa kuwa ukishapanga mizani na kipimo mara moja asubuhi, kila sura inayoketi inapata kilekile. Mwandishi wa habari anayetuma picha kutoka uwanjani dakika ileile hana muda wa kuhariri. Kwenye mahafali yenye watu mia kadhaa wanaopita jukwaani, RAW ya kila mmoja hujaza kadi, na kamera inaweza kusimama kupumua katikati ya jina la mtu. Kamera ya megapikseli 24 huandika RAW ya takriban megabaiti 25 hadi 30, wakati JPEG yake kubwa mara nyingi ni theluthi ya hapo. Ninachofanya harusini ni kupiga kundi kubwa la ukumbini kwa JPEG, halafu bibi harusi anapoketi peke yake, au mama yake anapomfunga shela, nageuza kuwa RAW.

Mteja hapewi RAW. Anapewa JPEG ya mwisho, ya rangi za sRGB, kwa ubora wa 90 hivi, ambayo simu na maabara za kuchapishia nyingi zinaisoma sawasawa. Kama unaituma kwa WhatsApp, itume kama hati na si kama picha, la sivyo programu itaibana tena na mpito uliouhangaikia shavuni utarudi kuwa mistari.

RAW yenyewe itunze kwenye diski mbili zilizo mahali tofauti, pamoja na faili dogo la .xmp ambalo Lightroom au darktable inaweza kuliweka pembeni yake. Ndani ya .xmp hiyo ndimo ilimo kazi yako yote ya kuiandaa RAW: kelvini 5,700, barakoa za brashi, ile 1.3. Ikipotea, picha ipo lakini unaanza upya. Ikiwepo, mtu anaweza kurudi baada ya miaka akitaka kuitundika sebuleni kwa ukubwa wa mita moja, nawe ukalifungua faili lilelile kwenye programu mpya zaidi, inayofuta chembechembe vizuri kuliko ya zamani, na kuuinua upande wa kivuli nusu stopu zaidi ya ulivyothubutu mwaka ule.